Upepo wa tairi: pima asubuhi, kabla gari halijaondoka

Kila ukifika mwezi wa Juni hapa Iringa, maswali huwa ni yale yale. "Jana nilijaza upepo sheli, mbona leo asubuhi tairi limelegea?" "Mchana geji inasoma 38, nipunguze?" "Taa ya tairi inawaka asubuhi, nikifika kazini imeshazima, gari lina ugonjwa gani?" Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na kwa kuwa yote matatu yana mzizi mmoja, naona niyaandike mahali pamoja. Mzizi wenyewe ni huu: upepo ulio ndani ya tairi hutanuka ukipata joto na kunywea ukipata baridi, na namba iliyoandikwa kwenye gari lako ni ya tairi lililopoa.

Nianze na kilichonipata mwenyewe, maana hesabu zote za hapa chini zinatoka humo. Julai moja, asubuhi ya Jumatano, kipimajoto kikiwa nyuzi 10, nilijaza matairi yote manne hadi 33 psi kama gari langu linavyotaka. Nikaenda Ilula nikarudi. Alasiri nikapita sheli kuweka mafuta, na kijana wa upepo akajitolea kupima. Akapata 38 na kitu. Akaniambia, "Bosi, huu umezidi, utapasua tairi," akatoa upepo hadi 33 kwa yote manne. Nilimwachia. Asubuhi ya Alhamisi, saa 12 na nusu, baridi ile ile ya nyuzi 10, geji yangu ikasoma 28 mbele na 28 nyuma. Hakukuwa na pancha wala valvu mbovu. Yule kijana alifanya kazi yake kwa nia njema, ila alipima tairi la moto kwa namba ya tairi la baridi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Cha kwanza ni geji yako mwenyewe. Ya mshale wa duara yenye mpira mfupi inatosha, na ya dijitali ni nzuri ikiwa betri yake haijachoka. Usitegemee geji ya sheli peke yake, kwa sababu huangushwa sakafuni kutwa nzima na hakuna anayejua mara ya mwisho ilisahihishwa lini.

Cha pili ni pampu. Ya mguu inafaa kwa gari dogo, na ile kompresa ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara inafaa zaidi. Kama huna pampu, bado unaweza kufuata mwongozo huu. Kuna njia ya kujaza sheli nitakayoieleza mbele.

Cha tatu ni daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu. Utaandika namba nne na hali ya baridi ya siku hiyo. Bila kumbukumbu hutaweza kutofautisha tairi linalovuja na tairi lililopigwa baridi.

Kidogo tu kuhusu sababu

Kwa tairi la gari dogo, kila joto likibadilika kwa nyuzi 5 hadi 6, upepo hubadilika kwa takriban psi 1. Joto likipanda nao unapanda, likishuka nao unashuka. Shika hiyo moja na utakuwa na unachohitaji.

Sasa itazame Jumatano yangu. Kutoka nyuzi 10 za alfajiri hadi nyuzi 24 za mchana kuna tofauti ya nyuzi 14. Gari lingeshinda kivulini bila kuondoka, 33 ingekuwa kama 35 kwa joto la hewa peke yake. Lakini gari lilitembea. Tairi likizunguka linajikunja na kujikunjua kila linapogusa lami, na mkunjo huo unazaa joto ndani ya mpira, kisha mpira unaupasha upepo. Upepo wa ndani ukifika nyuzi 45 hivi, jambo la kawaida kabisa baada ya safari, ile 33 ya asubuhi inakuwa 38 na nusu. Upepo haukuongezeka hata tone, ila ulipata moto tu. Kijana alipotoa ule "uliozidi", alitoa upepo ambao gari lilikuwa linauhitaji alfajiri iliyofuata.

Waliotengeneza gari walijua kwamba tairi litapata moto njiani. Namba yao ya 33 tayari imeacha nafasi ya kupanda hadi 38 au 39. Ndiyo maana hawakuandika namba mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya mchana.

Hatua

1. Tafuta namba ya gari lako. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mlango, au ukingo wa mlango wenyewe. Kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Magari mengi yetu yametoka Japani, kwa hiyo maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: utaona 230 na pembeni yake 2.3, au 220 na 2.2. Hiyo 230 ni kPa. Kwa psi, 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35 na 250 ni 36. Mara nyingine mbele na nyuma hutofautiana, na magari mengine yana namba ya pili ya kubebea mzigo kamili.

   Angalia kosa hili, maana linafanywa kila siku: usichukue namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ambayo mara nyingi ni 44 au 51. Hicho ni kikomo cha tairi lenyewe, wala tairi halijui limefungwa kwenye gari gani. Na kama tairi ulizovaa ni za saizi tofauti na ya kwenye kibandiko, muulize fundi wa matairi kabla ya kutumia namba hiyo.

2. Liache gari lipoe. Tairi huhesabiwa kuwa limepoa kama gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita mbili kwa mwendo wa pole. Kwa watu wengi wakati mzuri ni kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, kabla jua halijapiga upande mmoja. Usipime jioni ukitoka kazini ukadhani nusu saa ya maegesho imetosha. Mpira hupoa taratibu kuliko unavyoudhania kwa kuugusa kwa nje.

3. Andika hali ya hewa kwanza. Nyuzi za kwenye simu zinatosha. Nami huongeza neno moja, kama "ukungu" au "jua limetoka", kwa sababu baadaye hunisaidia kukumbuka.

4. Pima yote manne kabla ya kujaza hata moja. Toa kifuniko cha valvu, sukuma geji ikae wima na kwa nguvu. Ukisikia mlio mrefu wa upepo, geji imekaa upande. Itoe uanze upya. Pima mara mbili. Namba mbili zikilingana, andika. Zikipishana kwa psi 2, pima mara ya tatu. Watu wengi hupenda kujaza moja moja huku wakipima, lakini ukifanya hivyo unafuta ushahidi. Yote manne kushuka pamoja maana yake ni tofauti kabisa na moja kushuka peke yake.

5. Jaza hadi namba ya kibandiko. Ikiwa gari linataka 33, weka 33. Ukipitisha kidogo, 34 haidhuru. Kompresa ndogo hupasha moto upepo inaousukuma, kwa hiyo ukimaliza gurudumu la nne rudi ulipime la kwanza tena. Mara nyingi utakuta limeshuka kidogo, ongeza.

6. Rudisha vifuniko vya valvu. Vinazuia vumbi na maji, na barabara zetu za changarawe hazina huruma kwa pini ya valvu iliyo wazi.

7. Pima tairi la akiba pia. Kama ni lile jembamba la dharura, huwa linahitaji upepo mwingi zaidi, kwa kawaida 60 psi, na limeandikwa lenyewe ubavuni. Tairi la akiba husahaulika mwaka mzima, halafu siku ya pancha linatoka limekaa kama chapati.

8. Rudia kila mwezi, na tena kila msimu unapogeuka. Aliyejaza Januari asubuhi za nyuzi 17, ikifika Julai za nyuzi 10 atakuwa amepoteza zaidi kidogo ya psi 1 kwa baridi peke yake. Juu yake ongeza upepo unaopenya kwenye mpira wenyewe, kwa kawaida psi 1 hadi 2 kwa mwezi hata kwa tairi zima. Miezi sita bila kupima inatosha kukushusha chini ya 25 bila pancha yoyote.

Huna pampu, na lazima ujaze sheli

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu tairi likifika sheli limeshapata moto. Njia yake ni kupima nyumbani na kujaza huko, ukichukua *upungufu* badala ya namba.

Chukua ile Alhamisi yangu. Nyumbani, tairi limepoa, gurudumu la mbele kushoto lilisoma 28. Linatakiwa 33, kwa hiyo upungufu ni 5. Niliandika "MK 5". Sheli nilikokwenda ni mwendo wa dakika kumi, na nilipofika gurudumu lile lile lilisoma 30. Sikujaza hadi 33, kwa maana ingekuwa nimeongeza 3 tu. Nilichukua 30 nikaongeza 5, nikamwambia kijana aweke 35. Akasita, akaniambia gari kama hili ni 33. Nikamwonyesha daftari, akaweka. Ijumaa asubuhi, tairi limepoa, geji ikasoma 33.

Njia hii ina faida nyingine. Kama geji ya sheli inapotoka kwa psi 2, haikuharibii hesabu, kwa sababu unatumia geji hiyo hiyo kupima 30 na kufikia 35, na tofauti ya 5 inabaki kuwa 5.

Na kama uko safarini, hukupima asubuhi, na tairi limeonekana limelegea? Jaza takriban psi 4 juu ya namba ya kibandiko, yaani 37 kwa gari la 33, endelea na safari, halafu kesho yake asubuhi pima vizuri urekebishe. Ni makadirio, lakini ni afadhali kuliko kutembea na tairi lenye upepo mdogo.

Kitu kimoja sitaacha kukirudia: usitoe upepo kwenye tairi la moto, hata geji isome 39 au 40. Kama una wasiwasi kwamba ulizidishiwa, subiri lipoe, upime, ndipo utoe.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu ya barabara ninayoishi kandokando yake. Ukitoka Iringa alfajiri na 28, hutasikia tofauti mjini. Unapita Ilula, unateremka Kitonga, unafika Ruaha Mbuyuni ambako joto ni la bondeni, lami imeiva, gari limejaa abiria na magunia, na unaanza kukimbia kuelekea Mikumi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi ubavuni, na kila mkunjo unazaa joto zaidi. Ubavu hupata moto kuliko ulivyoundwa kuhimili, nyuzi za ndani zinaachana na mpira, kisha linapasuka. Watu husema lilipasuka kwa sababu upepo ulizidi na joto. Mara nyingi ni kinyume: lilianza safari na upepo pungufu. Yule anayepunguza upepo "kwa ajili ya joto la njiani" analisukuma tairi kwenye hatari ile ile anayoikimbia.

Wenye malori nanyi hesabu ni hiyo hiyo, ila namba ni kubwa. Tairi la psi 115 hupanda kwa psi 6 hivi kwa zile nyuzi 14 za kutoka alfajiri hadi mchana, hata kabla gari halijaondoka.

Ukiona hivi

*Yote manne yameshuka kwa kiasi kinacholingana.* Ni baridi, au ni muda mrefu bila kupima, au kuna mtu alitoa upepo yakiwa ya moto. Jaza na uendelee. Tazama tena baada ya wiki moja.

*Moja limeshuka kuliko mengine.* Hilo linavuja, hata kama tofauti ni psi 3 tu. Changanya maji na sabuni ya unga, paka kwenye mdomo wa valvu, kwenye ukingo ambapo tairi hukutana na rimu, kisha kwenye uso unaokanyaga lami. Mapovu yanayokua taratibu ndiyo tundu lako. Pini ya valvu iliyolegea hukazwa kwa dakika moja; kutu kwenye rimu inahitaji fundi alivue tairi.

*Taa ya upepo inawaka asubuhi na kuzima baada ya kilomita chache.* Taa haijaharibika. Upepo wako wa baridi uko karibu na mpaka wa kuiwasha, na joto la safari linaupandisha kidogo juu ya mpaka huo. Jaza ukiwa umepoa, itatulia. Wala usiifanye taa kuwa kipimo chako. Kanuni ya Marekani, kwa mfano, inataka iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25. Kwa gari la 33 hiyo ni kama 25 psi. Ile 28 yangu ya Alhamisi isingewasha taa yoyote.

*Upande mmoja unasoma zaidi ya mwingine, gari halijaondoka.* Angalia jua lilikuwa wapi. Magurudumu yaliyopigwa jua la asubuhi yanaweza kuzidi yale ya kivulini kwa psi 2 au zaidi. Usisawazishe wakati huo. Rudi kesho alfajiri.

*Umejaza naitrojeni, na bado inashuka na baridi.* Itashuka. Naitrojeni hutanuka na kunywea kama hewa nyingine, na hewa ya kawaida yenyewe ni naitrojeni kwa asilimia 78. Faida yake halisi ni kuwa kavu. Kompresa ya sheli isiyomwagwa maji mara kwa mara husukuma unyevu ndani ya tairi, na unyevu ukipata moto hupandisha upepo kuliko hewa kavu.

*Umepanda kutoka Dar, huku ni baridi kali, na geji haijashuka kama ulivyotarajia.* Hapa kuna mambo mawili yanayovutana. Baridi inashusha upepo, lakini geji husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje ya Iringa, karibu mita 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi kwa psi 2 na nusu hivi kuliko ya pwani. Aliyejaza 33 Dar alfajiri ya nyuzi 24 ataamka Iringa kwenye nyuzi 11 akute karibu 33 ile ile. Atakaporudi pwani, mambo hayo mawili yatavutana tena kwa upande wa pili. Basi fuata kanuni ya kawaida: lala, amka, pima palepale ulipoamkia, na jaza hadi namba ya kibandiko.

*Tairi limelika kingo zote mbili na katikati bado lina meno.* Limetembea muda mrefu na upepo pungufu. Likilika katikati na kingo zikabaki, upepo ulizidi. Likilika ukingo mmoja tu, geji haitakusaidia. Mpelekee fundi apime mpangilio wa magurudumu.